Nimechoka: nani kawaambia shairi ni mistari tu, nafasi tupu ni takataka?

Mchapamashairi (mwanzisha uzi)

Jamani, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe. Kuna kikundi najitolea kunakili mashairi kutoka kwenye picha za vitabu vya zamani. Nilipeleka picha ya ukurasa mmoja, safi, inasomeka. Shairi lina beti nne kwenye ukurasa huo: wa kwanza mishororo 6, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 6. Katika kila ubeti, mshororo wa 2, wa 4 na wa 6 umeingizwa ndani kidogo.

Nimerudishiwa nini? Mishororo 22 imeshikana kama matofali, yote imeanzia ukutani. Nikalalamika. Mhakiki akanijibu, "maneno yote yako sahihi." Maneno! Nani alikuuliza maneno?

Wakarudia. Safari hii wamepanga beti za mishororo minne minne mpaka mwisho, na hiyo miwili iliyobaki ikaachwa peke yake chini kama mayatima. Halafu eti wameweka na nafasi za mwanzo: juu ziko sawa, katikati zinayumba, chini kabisa KILA mshororo umeingizwa ndani. Kitabu kiko mkononi mwangu, hakiko hivyo! Na huyo mhakiki akaipitisha.

Kifungo_cha_Nne

Pole. Lakini si kosa kubwa, shairi la kimapokeo ni minne kwa ubeti. Hesabu minne, weka nafasi, endelea. Mimi hufanya hivyo na sijawahi kukosea.

Mchapamashairi

Umesoma nilichoandika? Sita, sita, nne, sita. Wewe hujakosea kwa sababu mashairi unayonakili yote ni tarbia. Na ubeti mmoja ukirukwa mshororo wakati wa kuchapa, hesabu yako itasukuma kosa hilo hadi mwisho wa shairi.

PichaNaWino

Hilo la nafasi kuzidi kadiri unavyoshuka nalijua, nimehangaika nalo sana. Picha yako imepinda. Si lazima uione kwa jicho.

Chukua ukurasa wa maandishi ya pointi 11, picha ikiwa na pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Mshororo ulioingizwa ndani kwa upana wa herufi moja kubwa unasogea kama pikseli 46. Sasa pindisha picha kwa digrii moja na nusu tu. Kwa kila mstari unaoshuka, pambizo inajisogeza pikseli moja na nusu. Mistari 23 chini, imesogea 35. Kwa hiyo mshororo usioingizwa kabisa, kule chini, unakaribia kufanana na ulioingizwa kule juu. Aliyekupangia alilinganisha kila mshororo na wa kwanza wa ukurasa.

Endesha Tesseract, programu inayosoma maandishi kwenye picha, uone namba mwenyewe:

```
tesseract ukurasa.png ukurasa --psm 6 tsv
```

Ile 6 inaiambia programu ichukulie ukurasa kama bonge moja la maandishi, isije ikadhani mishororo ya ndani ni safu nyingine. Kwenye faili linalotoka, tazama mistari yenye `level` 4. Hiyo ndiyo mishororo mizima. `left` ni umbali kutoka ukingo wa kushoto, `top` ni kutoka juu. Nipe `left` ya mshororo wa 1, wa 2, wa 21 na wa 22.

Mchapamashairi

210, 258, 245, 292.

PichaNaWino

Umejionea. Wa 1 na wa 21 kitabuni vyote vinaanzia ukingoni, sivyo? Tofauti yao ni 35. Kati yao kuna hatua 23, ukihesabu nafasi tatu za kutenganisha beti kama mistari. Toa moja na nusu kwa kila hatua: wa 22 unabaki 256, wa 2 unabaki kwenye 256 na ushei. Vinalingana. Wa 21 unarudi 210. Una ngazi mbili tu, hakuna mawimbi.

Beti nazo zitafute kwenye `top`. Mishororo ya kawaida kwako itaachana kama pikseli 58, penye mwisho wa ubeti kama 116. Angalizo: `top` inapimwa kutoka kwenye herufi ndefu kuliko zote mstarini. Mshororo usio na herufi kubwa wala herufi ndefu kama k, l, b, h utaonekana umeanza chini kwa pikseli kumi hivi. Huo si mwisho wa ubeti. Ila kuna wachapaji wanaotenganisha beti kwa nusu mstari tu, na hapo pikseli kumi zinaweza kukuchanganya. Hapo fumbua macho, tazama karatasi.

Mwana_wa_Kanga

Samahani kuingilia. Mimi nina kibwagizo kinachoanzia katikati ya ukurasa. Nikikiandika na nafasi zake kwenye faili kiko sawa, nikikibandika kwenye ukurasa wa wavuti kinarudi ukutani. Nipige picha tena?

PichaNaWino

Hapana, picha haina hatia. HTML inameza nafasi za mwanzo zote. Weka `white-space: pre-wrap` kwenye sehemu ya shairi.

Kifungo_cha_Nne

Mnahangaika bure. Nyoosha picha kwanza kabla ya kusoma, mambo yamekwisha.

PichaNaWino

Kupinda kutakwisha, ndiyo. Lakini kitabu kinene kikifunguliwa, karatasi inajikunja karibu na mshono. Hapo pambizo ni upinde, si mstari, na kunyoosha picha nzima hakusaidii. Na usisahau mishororo mirefu ambayo mchapaji aliikata ikamwagikia mstari wa chini: kile kipande cha chini nacho kimeingizwa ndani, ila mshairi hahusiki. Hicho unakirudisha juu kwenye mshororo wake.

Mchapamashairi

Nimevikuta viwili vya namna hiyo kwenye shairi jingine! Walivifanya mishororo kamili. Nilidhani mizani imemshinda mshairi.

Sasa kuna jambo linaninyima usingizi. Ukurasa wa kwanza umeisha na mshororo wa 22, ukurasa wa pili unaanza na mishororo 4, nafasi, kisha 6. Hiyo minne ni ubeti wake au ni mkia wa ule ubeti wa mwisho wenye mishororo sita?

PichaNaWino

Linganisha mstari wa mwisho wa ukurasa huo na ukurasa unaotazamana nao. Unaishia usawa mmoja?

Mchapamashairi

La, wa jirani unashuka mstari mmoja zaidi.

PichaNaWino

Basi yaelekea nafasi ya kutenganisha beti imeangukia hapo chini ikabaki tupu. Ningeandika ni ubeti mpya.

Bibi_Vina

Mimi sikubali haraka hivyo. Mchapaji huweza kuufupisha ukurasa kwa sababu zake nyingine. Tazama vina vya mwisho. Mishororo ya 21 na 22 inaishia na nini, na ile minne?

Mchapamashairi

21 ni -ani, 22 ni -eka. Ile minne: -ani, -eka, -ani, -eka.

Bibi_Vina

Na beti nyingine, vina vinabadilika kila ubeti?

Mchapamashairi

Wa kwanza na wa pili vinabadilika. Wa tatu vimebaki vilevile vya wa pili.

Bibi_Vina

Basi vina havikuamulii. Kuna chapa nyingine ya kitabu hicho?

Mchapamashairi

Sijaipata. Kwa sasa nimeweka nafasi na alama ya swali pembeni. Mhakiki ameshaifuta alama.