Mrejesho: diski ya RAID iliyosema PASSED

Niliuliza: "RAID 1 inaonyesha [UU], SMART inasema PASSED, ila Current_Pending_Sector ni 8. Nibadilishe diski?"

Wadau, nimebadilisha, asanteni sana. Kwanza nilinakili data yote kwenye diski ya nje, kisha nikaipima sdb, ile diski yenye tatizo:

```
smartctl -t long /dev/sdb
```

Jaribio likaishia "Completed: read failure", na zile sekta 8 zilizoshindwa kusomeka zikawa 56. Bado /proc/mdstat ilionyesha [UU], yaani diski zote mbili ziko kazini, maana md, programu ya RAID ya Linux, haifukuzi diski kwa kosa moja la kusoma. Huchukua data kwa pacha wake na kuiandika upya.

Kabla ya kuitoa sdb, niliipima pacha wake, sda, vilevile. Ilikuwa safi, na hilo ndilo lililonipa amani, kwani diski mpya niliyonunua Luthuli Avenue, Nairobi, ilijengwa kwa kuisoma sda mwanzo hadi mwisho.