Mrejesho: mchoro wa uongozi wa shule na matokeo ya wanafunzi

Niliuliza: "Wakuu, mshale wa uongozi niupeleke moja kwa moja kwenye matokeo ya darasa la saba?"

Asanteni sana, msimamizi wa utafiti wangu kaupitisha mchoro, ila mshale hauendi moja kwa moja. Kushoto boksi la uongozi, yaani mwalimu mkuu anaingia madarasani na kukagua maandalio ya somo, mshale unaenda boksi la kati, vipindi vilivyofundishwa kweli na madaftari yaliyosahihishwa, ndo unafika kulia kwenye wastani wa mtihani. Kipato cha wazazi kiko juu, mshale wake unagonga ule mshale wa pili katikati, haugusi boksi, maana kinabadilisha nguvu ya uhusiano tu. Chini nimeongeza matokeo ya darasa la nne ya watoto haohao, bila hivyo shule iliyopokea watoto wazuri itaonekana ina mkuu mzuri.