Ati "zima uwashe"! Huyu mtu ataniua kabla ya mtihani

Macho_Usiku: Wakuu, natetemeka kwa hasira. Mnamjua, msinilazimishe kumtaja. Kesho asubuhi mtihani wa vitendo, tunawasha taa za makutano mbele ya msimamizi, na msimbo wa muda kaandika huyo mwenzangu wa kikundi. Nimejaribu usiku huu: upande A kijani sekunde 20, njano 3, nyekundu kote 2, kisha upande B vilevile. Safi kabisa. Sekunde ya 50, kijani hakuna! Njano, nyekundu, njano, nyekundu. Ikipita 65 taa zote zinawaka pamoja kama disko la mizimu. Nampigia, anapiga miayo, ananijibu: "Zima uwashe." Halafu akakata. ZIMA UWASHE!

Kaka Solda: Ulipozima ukawasha si ilikubali?

Macho_Usiku: Sekunde 50! Yeye kajaribu mzunguko mmoja akaenda kulala. Halafu ati zima uwashe.

Bi Saketi: Punguza kelele, weka mstari wa muda.

Macho_Usiku:
```
unsigned int mwisho = millis() + 20000;
if (millis() >= mwisho) badili();
```

Bi Saketi: Basi ndiyo huyo. Kwenye Arduino Uno R3 `unsigned int` haivuki 65,535. Sekunde ya 50 unaipa milisekunde 70,000, inazunguka na kubaki 4,464. `millis()` iko 50,000, imeshaupita huo mwisho zamani, kwa hiyo kijani inaisha kabla haijaanza. Njano imepona kwa sababu 53,000 bado inaenea.

Mtoto wa Voltimita: Weka `unsigned long` ukalale.

Bi Saketi: Kwa kesho itatosha. Ila ukiiacha imewaka, `millis()` yenyewe inarudi sifuri baada ya siku 49 na ushee, na ule ulinganisho unaharibika tena. Hifadhi muda wa kuanza, kisha toa, zote ziwe `unsigned long`:
```
if (millis() - mwanzo >= muda) badili();
```

Kaka Solda: Mbwembwe zote za nini? `delay(20000)`, kwisha habari.

Macho_Usiku: Na kitufe cha waenda kwa miguu kisubiri sekunde 20 ndipo kisomwe? Kinapimwa kesho hicho! Wewe na yule ni ndugu?

Waya Mwekundu: Afadhali wako alipokea simu. Wangu kaondoka na kebo ya bodi, na simu kazima.

Mtoto wa Voltimita: Wangu kaunga taa zote bila rezista. Nyekundu zimeungua, tunaenda na kijani tupu.

Macho_Usiku: Nimebadilisha, imepita dakika kadhaa na kijani ipo. Lakini wakuu, mtu mzima anakwambia zima uwa...

Waya Mwekundu: Voltimita, huyo wako anavaa miwani? Isije ikawa ni mmoja na wangu.

Mtoto wa Voltimita: Anavaa. Na kebo ya mtu anayo begini.