Bei ya dhahabu ikipanda, je, dhahabu kuukuu huizuia? Ulinganisho wa kuuza na kushikilia

Binti wa Mkunazini

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nina bangili nne za karati 22 zenye uzito wa gramu 40 kwa jumla, ambazo nilizinunua mwaka 2018. Ninalinganisha njia mbili: kuziuza sasa kwa sonara kama dhahabu kuukuu, au kuzishikilia kwa kutaraji kwamba bei itaendelea kupanda. Kaka yangu anasema kwamba haitakwenda mbali, kwa sababu kila ikipanda watu hufungua makasha yao na kuuza, na dhahabu hiyo ikishamiminika sokoni bei hukwama. Naomba wanaoijua biashara hii wanieleze kama hoja hiyo ina uzito.

Kijana wa Wete

Kaka yako amesema kweli tupu. Kufungua mgodi mpya huchukua zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo bei ikipanda mwaka huu mchimbaji hawezi kuongeza kitu cha maana mwaka huu huu. Mwenye mkufu kabatini anaweza kuufikisha Darajani kabla ya adhuhuri. Tazameni mwaka 2009, ambapo dunia nzima ilirejesha sokoni takriban tani 1,700 za dhahabu kuukuu, kiwango ambacho mpaka leo hakijapitwa. Bei ilipokaribia dola 1,900 kwa wakia mnamo Septemba 2011 ilikwama, na mwaka 2013 ikaporomoka. Uza, dada yangu, kabla wenzako hawajauza.

Mchumi wa Fuoni

Kijana amepatia nusu ya kwanza: dhahabu kuukuu ndiyo sehemu pekee ya ugavi inayoweza kuitikia bei ndani ya miezi michache. Nusu ya pili ndiyo inayonitatiza. Wastani wa bei mwaka 2009 ulikuwa chini kidogo ya dola 1,000 kwa wakia, na zikarejeshwa hizo tani 1,700. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 2,386, yaani zaidi ya mara mbili, lakini zilirejeshwa takriban tani 1,370 tu. Tena katika robo ya kwanza ya mwaka 2025, wakati bei ilipovuka dola 3,000 kwa mara ya kwanza, kiasi kilichorejeshwa kilipungua kidogo kikilinganishwa na robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Kama bei peke yake ndiyo inayowatoa watu majumbani, hesabu hiyo haikubali.

Kuhusu mwaka 2013, si dhahabu kuukuu iliyoiangusha bei. Mwaka huo iliyorejeshwa ilipungua sana, na waliouza kwa wingi walikuwa wawekezaji wa Ulaya na Marekani, ambao walitoa takriban tani 880 kutoka katika mifuko inayohifadhi dhahabu kwa niaba yao. Wenye bangili walikuwa wameshauza tangu mapema.

Sonara Mstaafu

Ningependa kuonesha kwa hesabu ya bangili za Binti kwa nini watu hawakimbilii dukani mara bei inapopanda. Wastani wa bei mwaka 2018 ulikuwa kama dola 1,270 kwa wakia. Wakia ni gramu 31.1, na karati 22 ni sehemu 22 za dhahabu safi katika 24, kwa hiyo gramu moja ya bangili zake ilikuwa na dhahabu ya kama dola 37, na gramu 40 zikafika karibu dola 1,500. Tuchukulie kwamba alilipa ujira wa ufundi wa asilimia 15, basi zilimtoka dola zipatazo 1,720. Sasa anaporudi kuuza, sonara hampi ujira ule, kwa sababu kwake bangili ni kitu cha kuyeyushwa, na juu ya hapo hukata, tuseme asilimia 8, kwa ajili ya moto, upungufu wa kuyeyusha na faida yake.

Ukiziweka pamoja kato hizo mbili, utaona kwamba bei ya dunia ilipaswa kupanda kwa asilimia 25 ili Binti arudishiwe fedha yake tu bila ya faida, yaani ifike karibu dola 1,590. Kiwango hicho kilifikiwa mwanzoni mwa mwaka 2020. Kwa hiyo bei ilipanda mwaka mzima wa 2019 bila ya yeye kuwa na sababu ya kuuza. Kila kasha la dhahabu lina kizingiti chake kama hicho, kufuatana na mwaka lilionunuliwa, na ndiyo maana dhahabu kuukuu huja kwa mafungu wala haiji yote siku moja. Bei ikiwa dola 4,000 kwa wakia, bangili hizo zingempatia kama dola 4,300 baada ya makato, kwa sharti kwamba ni karati 22 kweli hata baada ya kuyeyushwa. Bangili iliyoungwa mara nyingi kwa risasi ya fundi hushuka kiwango, na ile yenye uwazi iliyojazwa nta hudanganya mizani.

Jambo jingine nililoliona kaunta ni kwamba bei inapopanda kwa kasi, wateja huuliza bei, hutabasamu, kisha huondoka na mkoba wao. Hurudi bei inapotulia au inapoanza kurudi nyuma, kwa kuwa hapo huingiwa na hofu ya kuchelewa.

Bi Mkubwa wa Chake

Mimi sijapata kuuza dhahabu kwa sababu ya bei. Huku Pemba tunanunua msimu wa karafuu unapokuwa mzuri, na tunauza msimu unapokuwa mbaya na watoto wanatakiwa skuli. Mwaka niliouza kidani changu sikuuliza hata bei ya dunia ilikuwa ngapi. Niliuliza ada ilikuwa ngapi. Nami nina suali: nimesikia kwamba Benki Kuu sasa inanunua dhahabu. Je, inanunua na bangili, ili tusikatwe na masonara?

Mchumi wa Fuoni

La, Bi Mkubwa, mpango huo wa Benki Kuu ya Tanzania unahusu dhahabu ya wachimbaji na wafanyabiashara wa madini, si vidani vya majumbani. Lakini maelezo yako yamenisaidia kujibu tatizo nililoliweka juu. Mwaka 2009 dunia ilikuwa katika msukosuko wa fedha, na watu wengi wa nchi za Magharibi waliuza kwa shida kama ulivyouza wewe. Bei nzuri na shida zilikutana. Mwaka 2024 bei ilikuwa juu, lakini shida ya namna ile haikuwa imeenea, na aliyekuwa na uwezo wa kungoja alingoja.

Kijana wa Wete

Basi tuzungumzie Korea Kusini. Mwanzoni mwa mwaka 1998 wananchi walitoa dhahabu yao ili kuisaidia nchi kulipa deni, zikakusanywa tani zipatazo 227, na bei ya dunia Januari ile ilishuka chini ya dola 280. Hapo mtasemaje?

Mchumi wa Fuoni

Mfano ni mzuri, lakini unaikata hoja yako mwenyewe. Bei ya dola haikuwa juu hata kidogo wakati ule. Iliyopanda ni bei kwa fedha ya Korea, kwa sababu fedha yenyewe ilikuwa imeporomoka, na juu yake palikuwa na shida na wito wa uzalendo. Kwa hiyo anayetaka kujua dhahabu kuukuu itatoka wapi na aangalie bei kwa fedha ya nchi husika pamoja na hali ya maisha ya watu wake. Nakubali kwamba tani zile zililisukuma soko chini, ingawa benki kuu za Ulaya nazo zilikuwa zikiuza miaka ile. Siku hizi mambo yamegeuka: kwa mwaka 2022, 2023 na 2024 benki kuu zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Penye mnunuzi wa namna hiyo, tani mia mbili za nyongeza kutoka majumbani humezwa bila ya bei kuyumba sana.

Abuu Swalha

Mmelinganisha kuuza na kushikilia, lakini wengi hapa kwetu hufanya la tatu, nalo ni kubadilisha ya zamani kwa mpya. Wanaofanya hivyo wakumbuke kwamba dhahabu kwa dhahabu haibadilishwi ila uzito kwa uzito na mkono kwa mkono, na kuongeza fedha juu ya kuukuu ili upewe mpya ni katika riba. Njia iliyo salama ni kuuza kwanza, kupokea fedha yako, kisha kununua unachotaka. Vilevile rehani yenye riba, ambayo kwa wenzetu wa India ni jambo la kawaida, haitufai.

Sonara Mstaafu

Maneno ya Abuu yanagusa suali lenyewe. Anayeuza gramu 40 na kununua gramu 30 mpya siku hiyo hiyo ameleta sokoni gramu 10 tu, hata kama kitabu cha sonara kitaandika 40. Na yule Mhindi aliyeweka rehani hakuleta hata moja, isipokuwa atakaposhindwa kulipa. Nadhani hapo ndipo zilipojificha nyingi ya zile tani ambazo Mchumi anazitafuta. Tena siamini kwamba majumbani mmebaki dhahabu nyingi ya kuuzwa. Wateja wangu wa zamani waliuza seti nzito, wakabaki na vipini na pete.

Mchumi wa Fuoni

Hapo sikubaliani nawe, mzee wangu. Dhahabu yote iliyokwisha kuchimbwa inakadiriwa kuwa karibu tani 216,000, na takriban asilimia 45 yake ni mapambo. Asilimia moja tu ya mapambo hayo ni tani zinazokaribia 1,000. Dhahabu ipo, iliyopungua ni ile ambayo wenyewe walikuwa tayari kuiachia.

Kijana wa Wete

Ikiwa ipo, basi siku shida itakaporudi huku bei ikiwa juu namna hii, tutaona wimbi kubwa kuliko la 2009. Sijasikia jibu la hilo.

Mchumi wa Fuoni

Hilo linawezekana kabisa, na silipingi.

Binti wa Mkunazini

Nashukuru sana. Mimi sina shida ya haraka, na moja katika bangili hizo imeshaungwa mara mbili. Nafikiria kuiuza hiyo na kuzishikilia tatu. Swali la mwisho: nitajuaje kwamba watu wameanza kuuza kwa wingi, kabla halijatangazwa popote?

Sonara Mstaafu

Usiitazame bei ya dunia inayotangazwa London peke yake. Tazama tofauti kati yake na anachokupa sonara. Mtaji wa duka ni ule ule, na bei ikipanda mtaji huo hununua gramu chache kuliko mwanzo. Wauzaji wakizidi, sonara huishiwa na fedha taslimu kabla ya saa sita, na huanza kukata asilimia 12 mahali alipokuwa akikata 8, au hukwambia urudi kesho. Uliza katika maduka mawili au matatu siku moja, bangili ikipimwa mbele yako baada ya kuondolewa nta na vito, kisha uliza tena baada ya wiki mbili. Makato yakiwa yameongezeka kote huku bei ya dunia haijatikisika, jua kwamba wenzako wameshatangulia.