Tupeane uzoefu: lebo zilizokosewa zikagunduliwa gari likiwa getini

Mpakizi_Tukuyu: Naanza na kisa cha binti mmoja karani, yadi ya parachichi upande wa Rungwe. Kontena la baridi limeshajaa, bado kufungwa sili. Binti anakagua paleti za mwisho, anafungua boksi lenye lebo ya saizi 18. Anahesabu matunda: 22. Anafungua la pembeni: 22.

Kwenye boksi la kilo 4, namba ya saizi ndiyo idadi ya matunda. Saizi 18 ni tunda la gramu 220 hivi, saizi 22 ni la kama gramu 180. Mnunuzi amelipia makubwa, anapelekewa madogo.

MamaHass: Si wangepima tu kwenye mzani? Angegundua mapema.

Mpakizi_Tukuyu: Dada, mzani ungemdanganya. Yote mawili ni kilo 4. Mzani unakamata boksi pungufu, saizi haukamati. Hapo ni kufungua na kuhesabu.

Lumbesa_Makambako: Hata viazi huku tunapigwa hivyo hivyo, gunia linajazwa mpaka kilemba. Serikali iko wapi?

Mpakizi_Tukuyu: Lumbesa ni kesi nyingine, mkuu, fungua uzi wake. Hapa hakuna aliyeiba. Mashine ilibadilishiwa saizi baada ya chakula cha mchana, rola ya lebo kwenye meza moja ikabaki ileile ya asubuhi. Ndiyo maana binti hakuagiza kontena zima lishushwe. Alichukua daftari la kupanga paleti, akaangalia zilizofungwa mezani pale baada ya saa nane, akapata 2. Kila moja akafungua boksi la juu, la kati na la chini, maana paleti inaweza kuchanganyika pale saizi ilipobadilika. Ya kwanza ilikuwa hivyo: chini 18 za kweli, juu 22.

Fundi_Baridi: Na bahati zilikuwa mlangoni. Zingekuwa ndani kabisa, ungetoa mzigo wote kwenye jua. Tunda lililopozwa hadi nyuzi 5 au 6 likikutana na hewa ya joto linatoka jasho, boksi linalowa na kulegea, paleti inainama njiani. Zitolewe moja moja, zirudishwe chumba cha baridi, lebo zibadilishwe humo humo.

MamaHass: Wanabandika mpya juu ya ya zamani?

Mpakizi_Tukuyu: Pale walibandua kabisa, wakabandika mpya yenye namba ileile ya shamba na ya siku ya kufungasha. Kilichobadilika ni saizi tu. Kisha orodha ya mzigo ikachapwa upya kabla ya sili.

Fundi_Baridi: Mimi sikubali kubandua. Karatasi ya boksi inachanika, mkaguzi akiona anauliza umeficha nini. Afadhali juu yake.

Mpakizi_Tukuyu: Inategemea gundi, na mnunuzi anataka nini. Wengine wakiona lebo mbili wanakataa boksi. Mliopeleka mzigo karibuni, wanunuzi wenu wanasemaje?