Mhasibu kanikata 162,000 kwa kutoa 18% juu ya bei yenye VAT ndani, halafu ananiambia mimi ndo nikajifunze hesabu

Bati_Chuno
Wakuu wa Mtwara na Lindi habari za jioni, nina hasira tangu jumatatu nimeona bora niitolee hapa kabla sijaenda kukaa mlangoni kwa watu. Mimi nina hardwea ndogo hapa Mtwara mjini, nimesajiliwa VAT, mashine ya EFD ninayo, sina mambo ya kona kona. Kuna mradi mmoja huku kwetu, jina naliacha, walitaka bati 200 za geji 28 za kuezekea madarasa njia ya Nanyamba. Nikawapa profoma bati moja 29,500 VAT ikiwa ndani, jumla 5,900,000, wakakubali wakatoa LPO, nikakodi Fuso nikapeleka, bati zikahesabiwa moja moja juani pale fundi wao akasaini.

Kufika kwenye malipo ndo wananiambia mradi una msamaha wa VAT kwa hiyo nalipwa bei isiyo na kodi. Sawa, sikubisha, VAT si hela yangu mimi naikusanya tu naipeleka. Sasa hela ilivyoingia benki nakuta 4,838,000. Nikajua labda wamekata na kitu kingine, nikapiga simu, dada wa watu kwa sauti ya upole kabisa ananiambia "kaka tumetoa asilimia 18 tu, hamna kingine". Nikamwambia dada yangu bati langu bila VAT ni 25,000, mara 200 ni milioni 5 kamili, hiyo laki moja na sitini na mbili imeenda wapi? Akanijibu nikajifunze hesabu. MIMI. Nauza bati mwaka wa kumi na moja huu. Halafu akanitumia picha ya eksel yake kama ushahidi, mistari mitatu:

```
B7   5900000
B8   =B7*0.18    1062000
B9   =B7-B8      4838000
```

Na sasa anataka nimtolee risiti ya hiyo 4,838,000 ili afunge faili. Nimegoma. Ila usiku nalala nawaza, au kweli mimi ndo nimechanganya? Maana hiyo hela ndo ilikuwa nauli ya Fuso na vijana wa kupakia.

Mzee_wa_Mikindani
Kijana punguza jazba. Asilimia 18 ni asilimia 18, ikiingia 18 itoke 18. Milioni 5.9 asilimia yake 18 ni 1,062,000, hata mimi nimepiga kwa kikokotoo cha simu imekuja hiyo hiyo. Huyo dada hajakosea kuzidisha. Labda wewe ulikosea kuweka bei toka mwanzo.

Bati_Chuno
Mzee wangu shikamoo, lakini na wewe unaniua kabisa.

Rejesta_Z
Mzee shikamoo. Kuzidisha hajakosea, kakosea kitu alichokizidisha. Ile 18 wakati inaingia ilihesabiwa juu ya 25,000, ikatoa 4,500, bei ikawa 29,500. Huwezi kuitoa kwa kuihesabu juu ya 29,500 maana hapo tayari kodi yenyewe imo ndani. Mhasibu katoza kodi na kodi pia. Angalia hiyo 1,062,000 yake ilivyojengwa: 900,000 ndo VAT halali ya milioni 5, halafu kuna 162,000 juu yake, na 162,000 ni asilimia 18 ya 900,000. Ndo hela ya huyu jamaa iliyopotea, wala haikuibiwa mahali pengine.

Namna ya kumbana bila kugombana ni kumwambia arudi mbele. Hiyo anayoiita bei bila VAT, 4,838,000, aipandishie 18% aone kama anafika kwenye bei mliyokubaliana. Atapata 5,708,840. Kama kweli angekuwa ameivua kodi vizuri angerudi 5,900,000 pale pale. Kikokotoo cha simu kinatosha, zidisha 4838000 kwa 1.18 basi.

Eksel yake inatakiwa iwe hivi:

```
B9   =B7/1.18    5000000
B8   =B7-B9      900000
```

Anatafuta bei tupu kwanza kwa kugawa, kodi ndo inabaki.

Kariakoo_ya_Kusini
Hapa hamna haja ya kugawa gawa, kuna namba moja tu ya kukariri, 15.25. Bei yoyote yenye kodi toa 15.25% umemaliza. Mimi naitumia kila siku dukani na sijawahi kukosea, hata mzigo wa Zanzibar naupiga hivyo hivyo.

Rejesta_Z
Kwa huku bara uko karibu sana. 18 ukiigawa kwa 118 unapata 15.254 na inaendelea. Kwa bati za huyu ungepata 899,750, umekosea 250 tu, kwenye duka haionekani ila kwenye ritani ya mwezi mzima inaanza kuonekana. Zanzibar ndo hapana, VAT ya kule ni 15, kwa hiyo unagawa kwa 1.15 na kodi iliyomo ni kama 13.04 ya bei nzima. Hiyo 15.25 yako imezaliwa na 18, haifanyi kazi kwingine.

Kariakoo_ya_Kusini
Mkuu tofauti ya pointi mbili watu wanafanya biashara hawaendi mbinguni.

Rejesta_Z
Haya. Mleta uzi, mimi linalonitisha si hiyo 162,000, ni hiyo risiti. Vitu viwili. Kwanza risiti ulitakiwa uitoe ulipokabidhi mzigo, hukutakiwa kusubiri mpaka walipe, hilo ni kosa lako. Pili, hiyo karatasi ya msamaha umeiona kwa macho au umeambiwa kwa simu? Maana ukiingiza 4,838,000 kwenye mashine chini ya kodi ya kawaida, mashine haijui habari za msamaha wala za huyo dada. Itaichukulia kwamba hiyo ni bei yenye VAT ndani na itaivua yenyewe. Kwenye risiti utasoma `TOTAL EXCL OF TAX` 4,100,000 na kodi 738,000. Hiyo 738,000 utaipeleka TRA kutoka mfukoni, na bati lako la 25,000 litakuwa limeuzwa 20,500.

Bati_Chuno
Weee! Karatasi sijaiona, nimeambiwa tu. 20,500 hata kiwandani silipati.

Rejesta_Z
Basi idai kwa maandishi, iwe inataja mradi huo na isiwe imepitwa na muda. Ukiipata, unauza kwa milioni 5 bila kodi. Wakishindwa kuileta, wanakudai risiti ya 5,900,000 na wao wanakudai... samahani, WEWE unawadai 1,062,000 yote. Hapo katikati hakuna namba nyingine. 4,838,000 haipo kwenye hali yoyote ile.

Mama_Vitenge_Lindi
Jamani samahani mimi naomba kuuliza hapo hapo, nina kibanda cha vitenge huku Lindi mjini, kitenge nauza 15,000, kwa hiyo na mimi nigawe kwa 1.18 nijue faida yangu? Nimeogopa.

Rejesta_Z
Dada umesajiliwa VAT? Usajili wa lazima ni kwa mauzo yanayofika milioni 200 kwa mwaka.

Mama_Vitenge_Lindi
Milioni 200 nitaziona wapi kaka yangu.

Rejesta_Z
Basi 15,000 yako ni yako yote, hakuna VAT ya kuvua humo. Na usimwandikie mteja "bei na VAT" maana hujaruhusiwa kuikusanya.

Nyumba_ya_Mingoyo
Mimi yangu ni kodi ya pango ila naona ni ugonjwa ule ule. Nyumba yangu nimepangisha kampuni, tukakubaliana mkononi mwangu iingie 900,000 kila mwezi na ile asilimia 10 ya kuzuia wabebe wao. Wakaongeza 10% wakaandika mkataba 990,000. Mwezi wa kwanza inaingia 891,000. Nimelalamika wananiambia "mzee tumekuongezea 10 tumekata 10". Sasa kwa maelezo ya huyu bwana niliwaambia wagawe 990,000 kwa 1.10, ikaja 900,000, nao wakanicheka kwamba mbona inakubali. Nimekosea wapi?

Rejesta_Z
Mzee kwako inageuka. Kodi ya zuio ya pango inahesabiwa juu ya pango lote lililoandikwa kwenye mkataba, sio juu ya kinachokufikia mkononi. Kwa hiyo 900,000 yako ni asilimia 90 ya namba unayoitafuta, gawa kwa 0.90 unapata 1,000,000. Wakizuia laki moja inabaki 900,000 kamili. Walivyofanya wao unapungukiwa 9,000 kila mwezi.

Kwenye bati namba kubwa ni 118 na kodi imepimwa kwa ile ndogo. Kwenye pango namba kubwa ni 100 na kodi imepimwa kwa hiyo hiyo kubwa. Kabla hujagusa kikokotoo uliza hiyo asilimia ni ya nini.

Mzee_wa_Mikindani
Nimerudi. Nimekaa na mjukuu tumepiga ile 4,838,000 mara 1.18 mara tatu, kweli hairudi. Ila bado nasema kijana angeandika bei bila VAT kwenye mstari wake na VAT mstari wake haya yasingetokea.

Bati_Chuno
Mzee hapo umenipata, profoma yangu ilikuwa na mstari mmoja tu "29,500 VAT ndani".

Basi sikilizeni, leo asubuhi nimeenda ofisini kwao. Sikubeba kelele, nimebeba risiti moja ya mteja aliyenunua bati nne wiki iliyopita, 118,000. Nikamwekea mezani nikamwambia dada soma hapa mwenyewe: `TOTAL EXCL OF TAX` 100,000.00, kodi 18,000.00, `TOTAL INCL OF TAX` 118,000.00. Nikamwambia sasa piga kwa eksel yako. Akapiga ikaja kodi 21,240. Akanyamaza. Akapiga tena. Akafungua faili lake akatoa risiti ya duka la stesheneri walikonunua karatasi, akapiga na ile, nayo haikukubali. Hakuniomba msamaha lakini kile kiti akanivutia nikae.

Msamaha wa VAT wanasema uko makao makuu wataniletea kopi, mpaka niione risiti sitoi. Na hiyo 162,000 anasema lazima bosi wake aidhinishe kwanza, tena bosi yuko safari. Kilichonishangaza ni alipoteleza akasema hiyo eksel hakuitengeneza yeye, aliikuta, na ndo wanayoitumia kwa wauzaji wote.

Saruji_Masasi
Wauzaji WOTE? Mradi wa madarasa njia ya Nanyamba? Mkuu mimi niliwapelekea saruji mifuko 400 mwezi wa pili na nililipwa "bila VAT". Ngoja nikafukue makaratasi, narudi.