Poli iliyojirudia na poli changamano: kwa nini jibu langu halianzi sifuri?

Mshale2: Wakuu, naomba msaada. Nina filta mbili za RC zinazofanana, katikati kuna bafa, na mwisho wake zinasukuma uzito wenye springi na dampa. Nikiupa mfumo msukumo mmoja wa ghafla napata:

```
Y(s) = 20 / [(s+2)^2 (s^2+2s+5)]
```

Nimeigawa kuwa `4/(s+2)^2 + (Bs+C)/(s^2+2s+5)`. Kwa s=0 na s=1 nikapata C=0 na B=-1.33. Sasa nikiweka t=0, y ni -1.33, wakati simulesheni inaanzia sifuri. Nimekosea wapi? Na kila kipande kina maana gani kwenye mashine yenyewe?

Kasi_ndogo: Tatizo ni `4t·e^(-2t)`. Hiyo t inakua bila kikomo, kwa hiyo mfumo wako si thabiti.

Mzee_Mizani: Kasi_ndogo, t inakua kweli, ila e^(-2t) inashuka haraka kuliko inavyokua. Kipande hicho kinapanda hadi 0.74 kwenye sekunde 0.5, kisha kinakufa. Ungekuwa sahihi kama poli iliyojirudia ingekaa sifuri.

Mshale2, umeacha kipande cha `A/(s+2)`. Jaribu s=-1 badala ya s=1 uone: B inageuka -4. B ikibadilika kila ukibadilisha s, ujue umbo ulilolianzia limepungukiwa. Ili kupata A, ondoa (s+2)^2, tafuta derivativi ya kilichobaki, `20/(s^2+2s+5)`, kisha weka s=-2. Inatoka 1.6. Hapo B=-1.6, C=-4, na:

```
y = 1.6e^(-2t) + 4t·e^(-2t)
    - e^(-t)(1.6cos2t + 1.2sin2t)
```

Kwa t=0 unabaki na 1.6-1.6.

Kuhusu maana: filta ya kwanza inakufa kwa e^(-2t), na ya pili inalishwa na kitu kinachokufa kwa kasi ileile yake. Ndiyo maana inajaa kwanza kabla ya kushuka, na kujaa huko ndiko t. Ile 1.6e^(-2t) usiitafutie kifaa chake peke yake; inasawazisha mwanzo tu. Kipande cha mwisho ni springi: -1 ni dampa inavyokula nishati, na 2 ni radiani kwa sekunde, yaani duru moja kwa sekunde 3.14. Ndani ya duru hiyo ukubwa unashuka hadi kama asilimia 4, kwa hiyo kutikisika hutakuona sana.

Mshale2: Asante sana mzee. Grafu sasa zinalingana.

Nyuzi3: Mimi nilipima filta kama hizo, poli zikatoka -2 na -2.01. Vipande vikawa 400 na -398.4! Nikadhani nimeharibu hesabu.

Mzee_Mizani: Hujaharibu. Vijumlishe: 1.6, ileile A ya Mshale2. Vikubwa hivyo vinakaribia kufutana, na kinachobaki kinafanana na 4t. Hatari ni kukata tarakimu mapema. Mimi ningezihesabu kama poli moja iliyojirudia.

Nyuzi3: Lakini rezista mbili hazilingani kamwe. Tofauti ikiwa asilimia ngapi ndipo niache kuziita moja?

Mzee_Mizani: Inategemea usahihi unaoutaka. Chora zote mbili, kisha linganisha tofauti yake na kelele ya kipimo chako.

Kasi_ndogo: Na poli changamano zikijirudia pale pale kwenye mhimili, t·cos2t itakua?

Mzee_Mizani: Hiyo itakua, ndiyo.